Mwavuli wa Uzi Mwekundu

Mbeya, Jumapili

Dada yangu Anastazia,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na mtoto ameacha kukohoa. Huko Kilolo baridi imeshaanza? Mimi mwili ni mzima, ila usingizi umenikimbia. Tafadhali isome peke yako kwanza. Ukishamaliza ndipo uamue mama asikie kiasi gani.

Unakumbuka nilikueleza kwamba ukumbi wa chai hapa ofisini una gazeti la ukutani. Pembeni yake kuna sehemu ya picha. Ukipiga picha unaibandika na kuandika maneno machache chini, watu wanasoma huku wanakunywa chai. Basi na mimi nikapiga yangu, nikiwa na gauni la bluu ulilonishonea, nikitazama pembeni. Ningetazama mbele wangesema najitembeza.

Sikuibandika bure. Kuna dereva wa lori letu, Elia, kwao Ipogolo, huja hapa kila Ijumaa na mizigo ya Iringa. Ni mkimya kupita kiasi. Wiki moja lori lilimharibikia akabaki Mbeya, na Jumanne jioni mvua ikanyesha, akanifunika na mwavuli kutoka ofisini mpaka mlangoni kwangu. Yeye mwenyewe akalowa bega zima. Tangu siku hiyo, dada, sina raha.

Maneno ya chini yalinisumbua siku tatu. Nilianza na "Nakungoja." Tusajigwe, mpiga chapa mwenzangu, akacheka.

"Hiyo kila mwanaume humu atajua ni yake," alisema. "Weka kitu kimoja anachokijua yeye tu. Wengine wasome wapite. Na ukiulizwa, unakataa."

Nikaandika, bila kumwonyesha Tusajigwe: "Mvua ya Jumanne imekauka viatuni, moyoni bado. Mwenye mwavuli wa uzi mwekundu anajua." Mpini wa ule mwavuli ulikuwa umefungwa uzi mwekundu. Nikabandika usawa wa macho yake, karibu na meza anapowekaga kikombe. Ijumaa alikuja, akasimama pale, nami nikajifanya nasoma matokeo ya mpira. Chai yake ilipoa. Akaondoka bila kuinywa.

Kumbe mwavuli haukuwa wake. Ni wa mkuu wetu wa ofisi, hutundikwa nyuma ya mlango wake, na ofisi nzima inaufahamu isipokuwa mimi mgeni. Mkuu alisoma, na tangu hapo akaanza kupita mezani kwangu. "Binti, mvua haijarudi?" Ana umri wa baba, dada. Nikawa naendelea kupiga mashine kama sijasikia. Ningesema si yeye, angeuliza ni nani, na Elia alichukua mwavuli bila ruhusa.

Alhamisi mke wa mkuu akaja. Alisoma kwa kidole, neno kwa neno.

"Uzi huo niliufunga mimi," alisema. "Sasa niambie, mwenye mwavuli ni nani?"

Nikainamia kikombe changu. Mume wake alikuwa mlangoni na hakukana. Nadhani alipenda kudhaniwa ndiye.

"Haya. Jumatatu narudi na mchungaji. Mbele yake utasema."

Mchungaji huyo anamfahamu baba. Baba akisikia nimechukua mume wa mtu, atakuja mwenyewe kunirudisha, na kazi ndiyo imeisha.

Ijumaa Elia alifika, Tusajigwe akamweleza. Elia akatoa mfukoni picha yake ndogo, akaibandika chini ya yangu na kuandika: "Mwavuli niliuchukua mimi bila kuomba. Niliyemfunika hana kosa." Mkuu akamwita, mlango ukafungwa. Alipotoka hakuwa na funguo za lori.

"Kwa nini hukusema mapema?" nilimwuliza.

"Nilielewa siku ile ile," alisema. "Niliogopa. Nikadhani nikikaa kimya yatapita. Jumatatu wataamua kama bado nina kazi."

Dada, habari ikimfikia baba kabla ya barua yangu, mwambie maneno yale niliandika mimi, hakuna aliyenituma. Nisalimie mama, bibi, na shemeji yangu mpenda utani, ila jambo hili asilifanye utani. Mchumu mtoto kwa niaba yangu.

Jambo la mwisho. Jana ofisi ilifungwa mchana. Wote walipotoka nilirudi ukumbini na kalamu, nikaongeza chini ya picha yangu: "Ni Elia." Kesho watasoma wote, mke wa mkuu na mchungaji. Herufi ya mwisho imepinda, lakini inasomeka.

Mdogo wako anayekuhitaji,
Neema