Usiseme Kioo

Gisenyi, Ijumaa baada ya swala

Dada yangu Mwajuma,

Assalaam aleikum. Goti linaendeleaje? Umeacha kuinama bustanini, au bado unatudanganya? Sisi huku wazima, cherehani inazunguka, Mungu hajatutupa. Ila nina kinyaa moyoni, na nisipokitapika kwako nitakipeleka wapi?

Binti yangu Hadija unamjua, tangu mdogo kila mdudu lazima amfungue aone ndani. Sasa wenzake darasani wanamwita Murozi, yaani mchawi kwa lugha ya huku. Juzi juzi wakamtilia chura aliyeoza kwenye mfuko wa vitabu. Nimeufua mara tatu, bado unanuka. Na watoto hao wana mama zao, dada! Hadija akaniambia, "Mama, kwenye fomu ya mchepuo sitaandika sayansi tena."

Nikasema nimpe zawadi ya kumtia moyo. Kipimajoto? Kinavunjika, na zebaki yake ni sumu. Sumaku ya spika mbovu anayo. Nikaamua kile kioo cha kutazamia mguu wa nzi. Jirani yangu Mama Safi huvuka mpaka kwenda Goma kila siku kuuza nyanya, nikamwagiza: "Niletee kioo kinachokuza, ni cha Hadija."

Akaleta cha kujitazama uso! Cha duara, na kopo la mafuta ya kujichubua juu yake.

"Hii nini, Mama Safi?"

"Si ulisema kioo? Hii njo inakuza. Mutoto aone chunusi, apake, akuwe muzuri. Bwana gani ataoa bibi ya vyura, we?"

Kopo nikalitupa chooni, na niliyoyasema, Mungu anisamehe.

Kioo Hadija akakipapasa. "Mama, kimebonyea katikati kama sahani." Akakielekeza juani, akawa anasogeza ganda kavu la haragwe mbele yake, karibu, mbali, mpaka ule mwanga mpana ukawa kidoa kama punje ya mtama. Ganda likafuka moshi. "Usikikodolee kidoa, Mama, utaumia macho."

Akaenda nacho shule. Msichana mmoja, yule aliyeongoza kumtilia chura, akakinyakua: kwa karibu, akajiona uso kama sinia. Hadija akakichukua, akamshikia. "Rudi nyuma hatua tatu." Akajiona kichwa chini!

"Murozi!"

"Uchawi gani? Kimebonyea, miale inapishana. Mwingine aje."

Wakapanga foleni, dada. Yule msichana hakuomba radhi hata kidogo. Nikimwona njiani bado nanusa chura.

Fomu ilirudishwa shule jana. Ameandika sayansi, kalamu imekandamizwa karibu itoboe karatasi.

Nisalimie shemeji, na mama mkwe wako, na fundi baiskeli wetu wa pale kona. Shemeji akienda Kigoma mjini amtafutie Hadija kile chenyewe. Lakini mwambie asiseme kioo. Aseme lenzi.

Mdogo wako anayekuombea kila swala,
Zainabu