Salamu za Kwanza Nilizotoa Bila Wewe, Mjini Rodi Kopany

Mpendwa Baba Achieng,

Jumapili nilishika maiki peke yangu. Miaka yote tuliyoendesha harusi pamoja, ufunguzi ulikuwa wako. Mimi nilianzia kwenye kukata keki. Ulipofariki nilisema basi. Kisha msichana mmoja wa Lambwe, ambaye tulikuwa ma-MC kwenye harusi ya dada yake, akanipigia. Anaolewa na kijana Mkuria wa upande wa Ogwedhi, na hataki MC mwingine.

Kabla ya sherehe, mwenyekiti wa kamati alinivuta kando.

"Mama, tukutafutie mwanamume afungue? Wewe utaendelea baadaye."

"Nitafungua mimi," nikamjibu.

Nilijua anachoogopa: wageni kutengwa tena. Siku ya mahari, MC aliongea Dholuo, lugha yetu, mwanzo hadi mwisho, na wageni wa bwana harusi wakakaa kama watu waliopotea njia. Sasa walikuwa kwenye hema lao, mjomba wa kijana mbele, mikono kifuani.

Nikazunguka mahemani kama ulivyozoea, nikiuliza nani amekuja na anaitwaje. Shangazi wa bwana harusi alinifundisha salamu ya Kikuria. Niliirudia mpaka akaacha kucheka.

Nikaanza kwa kuomba ruhusa kwa mchungaji na padri. Wewe ungefuata na wazee wetu. Mimi nikageukia hema la waliotoka mbali, nikawasalimu kwa Kikuria. Nilikosea.

"Rudia," mjomba akasema, akaitamka polepole.

Nikarudia. Hema zima likaitikia, na upande wetu ukapiga makofi.

Hapo nikapata sauti. "Bwana asifiwe." "Tumsifu Yesu Kristo." Waislamu wenye maduka waliofunga biashara ili waje nikawaambia, "Asalaam aleikum." Kila kundi likajibu kwa namna yake. "Amosou uru, jodongo," nikawasalimu wazee wetu, kisha nikaeleza kwa Kiswahili nilichosema, asibaki mtu nje. Nyanya wa bibi harusi hasikii vizuri, kwa hiyo nilimfuata alipoketi nikamshika mkono. "Vijana, niaje?" Wakanguruma, "Poa!" Watoto nikawaomba wapunge mikono. Mwisho nikataja ratiba, na chakula kitatoka saa ngapi, maana mwenye njaa hasikii hotuba. Sikushindanisha pande mbili kwa vigelegele. Ulikuwa ukikataa hilo, na ulikuwa sahihi.

Baada ya chakula mjomba alinijia.

"Binti yangu anaolewa Desemba. Utatufungulia?"

"Nitakuja," nikasema, kabla sijapata nafasi ya kuogopa.

Nilipofika nyumbani nililia, Baba Achieng. Bado nakutafuta kitandani kila asubuhi. Lakini kazi hii siiachi tena, na sitakuwa nikianzia kwenye keki.

Pumzika kwa amani, mume wangu.

Wako,
Mama Achieng