Manyoya ya Ufalme wa Mlimwa-Juu

Jumatatu, 4 Machi
Leo naanza, na naapa kuandika yote, hata yatakayoniaibisha. Uji, usafi, darasa, kuchota maji. Kabla ya maandalio ya usiku nikawasomea wenzangu bwenini sura ya nne ya hadithi yangu. Katika Ufalme wa Mlimwa-Juu hakuna shilingi. Fedha ni unyoya wa kanga, yule ndege wa madoadoa. Unyoya mmoja, kibaba kimoja cha uwele. Wakasogea karibu. Mwalimu wa Kiswahili amesema nikimaliza vizuri, itasomwa Siku ya Wazazi. Baba atakuja. Nataka sana.

Alhamisi, 7 Machi
Nimesoma sura ya mwisho. Joka linamhurumia shujaa, linapiga mbawa, manyoya yananyesha nchi nzima kama mvua. Maskini wote wanatajirika. Mwisho.
Wakapiga makofi. Zuhura hakupiga. Kwao Kondoa wana duka.
"Na uwele?" akauliza.
"Uwele umefanyaje?"
"Umeongezeka? Manyoya yamejaa, uwele ni ule ule. Nani atakuuzia kibaba kwa unyoya mmoja?"
Nikamwambia hii ni hadithi ya kubuni, ina joka.
"Joka nimelikubali, dada. Bei ndiyo imenishinda."
Wakamzomea. "Mwenye duka huyo! Anataka risiti ya joka!" Nilicheka nao. Moyoni nilikasirika. Nani husoma hadithi ili apige hesabu?

Jumamosi, 9 Machi
Jambo la ajabu. Hadithi imetoka nje ya daftari. Wasichana wameokota manyoya ya kanga kwenye vichaka nyuma ya jiko na wanayatumia. Andazi, unyoya mmoja. Kusukwa nywele, manyoya mawili. Yako machache, basi wanayatunza ndani ya Biblia na chini ya magodoro. Mdogo wetu Tatu, wa kidato cha kwanza, ameuza mche mzima wa sabuni aliopewa na mama yake. Anaweka manyoya anunue kalamu. Nimefurahi mno. Nilimwonyesha Zuhura. Akasema, "Ngoja."

Jumapili, 10 Machi
Leo ilikuwa siku ya wageni. Shangazi yake Yunisi wa bwenini kwetu alitoka Mvumi. Anafuga kanga. Sikujua kwamba kanga hufugwa. Mimi mtoto wa mjini. Yunisi alikuwa amemwagiza manyoya, naye akamletea kiroba kizima.
Kufikia mchana andazi lilikuwa manyoya kumi. Baada ya ibada ya jioni, konzi nzima ya manyoya. Kisha muuzaji wa mandazi akafunika beseni lake. "Sitaki manyoya. Leteni shilingi au sukari."
Tatu alikuja na manyoya yake, yamefungwa kwa uzi, safi. Hakuna aliyeyapokea. Hakulia kwa sauti. Aliniuliza mimi. "Dada Neema, si uliandika kwamba tutatajirika?"
Mimi ndiye joka.

Jumatatu, 11 Machi
Nimeikata sabuni yangu, nusu nimempa Tatu. Alisema ahsante bila kunitazama.
Nilimfuata Zuhura kwenye foleni ya maji. Hakunicheka. Alisema mwenye sabuni amepona, mwenye mandazi amepona, aliyeweka akiba ya manyoya ndiye aliyekwisha. Nikamkumbuka Baba. Mshahara ukiongezwa, sukari inatangulia kupanda. Maduka sasa yamejaa sabuni za nje, na sisi tunazitazama tu. Nimekaa na jambo hili nyumbani miaka yote, nikaandika joka kana kwamba sijawahi kutumwa dukani.

Jumatano, 13 Machi
Nimempelekea Mwalimu hadithi, nikamwambia hesabu ya manyoya imeiharibu, asiisome. Nilitaka akatae kwamba imeharibika. Hakukataa. Alisema: "Msomaji hakuombi hesabu yako. Anakuomba asikukute hujaipiga." Kesho kutwa asubuhi anaitaka.

Alhamisi, 14 Machi
Nimeandika upya. Kanga wanaishi ndani ya ua wa mfalme tu, na kodi hulipwa kwa manyoya tu. Ndiyo maana kila mtu anayatafuta. Sikueleza zaidi. Joka limebaki. Manyoya yananyesha, watu wanacheza ngoma. Jioni mama mmoja aliyeweka akiba maisha yake yote anakwenda sokoni na manyoya yake, yamefungwa kwa uzi. Wauzaji wanafunika vibaba vyao. Joka linatazama kutoka juu, halijui limefanya nini.
Nilimsomea Tatu kwanza. Safari hii alinitazama. Akasema, "Usiutoe ule uzi."

Ijumaa, 15 Machi
Kumepambazuka, kimya. Harufu ya uji. Nimeweka hadithi juu ya kitanda cha Zuhura, amekwenda kuswali. Juu yake nimebandika karatasi:
Zuhura, ungekuwa wewe ndiye mwenye kibaba cha mwisho sokoni, mama yule ungemwuzia kwa kitu gani? Nijibu kabla ya kengele ya mstarini.