Mwizi wa Siku za Mazishi

Jumatatu, 13 Mei

Sehemu ya nane ya hadithi yangu ilisomwa redioni jana. Mwizi wangu, Yaw Manu, kaingia nyumba nyingine huku Kumasi, wenyewe wakiwa mazishini. Madam Serwaa, msajili wetu wa mahakama, anasimulia tangu asubuhi. "Aliyeitunga ni mhuni, lakini mwizi wake nampenda!" Nikainamia mafaili. Jina langu halitajwi hewani. Karani wa mahakama kumpamba mwizi? Akijua, kazi sina.

Kwa nini wanampenda, najua, nilipanga. Mazishini analia kwelikweli kabla ya kwenda kuiba. Ana mwiko: nyumba yenye maiti haigusi. Tajiri anayemwinda ni mbaya kuliko yeye. Na kila mlango tunaufungua tukiwa upande wake, hofu yake ikiwa yetu.

Jumatano, 15 Mei

Leo kesi ya kweli. Kijana kaiba nyumbani kwa watu waliokwenda mazishini. Ukumbi ukacheka: "Yaw Manu! Yaw Manu oo!" Naye akatabasamu. Mlalamikaji ni Nana Pokuaa, kikongwe. Kaibiwa kente, nguo za fahari za kufumwa, za marehemu mama yake. Hakuna aliyemtazama. Kesi imeahirishwa.

Nikaandika ushahidi wake. Sehemu nane — na aliyeibiwa sijampa uso hata mara moja!

Ijumaa, 17 Mei

Nimepeleka sehemu ya tisa. Yaw anafungua sanduku la kikongwe. Kente zimekunjwa kwa kafuri, na picha ya mama wa kikongwe juu yazo. Anaitazama picha. Anachukua kente. Sikumpa njaa wala mtoto mgonjwa wa kumtetea. Halafu polisi wanabisha mlangoni.

Bediako wa redio kapiga simu. Eti nimemharibu Yaw, wasikilizaji watamchukia. Nikamwambia ndicho ninachotaka. Akaguna: basi akamatwe au atoroke, ila mwisho nimletee Jumatatu saa kumi.

Jumatatu, 20 Mei

Marudio ya mchana ya sehemu ya tisa, redio ya ofisini. Nana Pokuaa yuko benchini, amekuja kuuliza tarehe mpya. Nikanyoosha mkono kuzima redio.

"Karani, gusa uone!" — Madam.

Sanduku likafunguliwa. Madam akaacha kutafuna. "Mshenzi huyu," akasema polepole. Nana akajifuta macho kwa ncha ya nguo. Nikafurahi. Ndiyo, nilifurahi: hatimaye wameona.

Polisi wakabisha. Yaw kasimama, kente mikononi.

Nana akainuka benchini. "Pita nyuma, mjinga wewe! Kimbia!"

Madam akashangaa. "Nana! Si mtu kama huyuhuyu aliyekuibia?"

"Ndiye. Alaaniwe! Lakini kente aziache — halafu akimbie!"

Madam akacheka hadi akashika meza. Nana hakucheka. Akanigeukia mimi niliye karibu. "Mwanangu, nyumba ile ina mlango wa nyuma?"

Nikasema sijui.

Sasa ni saa tisa; imebaki saa moja Bediako apate mwisho wake. Nana bado yuko benchini, tarehe yake hajapewa. Karatasi yangu iko chini ya faili lake. Nimeandika: Yaw aliitazama tena picha, akageuka, na nyuma yake —