Jina la Aika Lina Mwenyewe

Soweto, Moshi

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Mguu unaendeleaje? Na mvua ya huko Tukuyu imewaachia hata siku moja ya kuanika mahindi? Sisi ni wazima, tena zaidi ya wazima. Nimejifungua salama, mtoto wa kike, mnene, ana sauti ya mwinjilisti! Mwambie mdogo wangu anayekusomea asiruke hata mstari mmoja, maana humu kuna jambo lako.

Mama, kuzaa huku ni raha! Mama mkwe ameteremka kutoka Marangu na ndizi, maziwa na nyama, na kila siku ananipikia mtori, ule mchuzi mzito wa ndizi na nyama wanaompa mzazi. Siruhusiwi kuinua hata sufuria. Nimenenepa mpaka pete haivuki kiungo cha kidole.

Lakini nyumba yetu unaijua. Aika, wa miaka kumi, ni wa mume wangu na marehemu mke wake. Ipyana nilikuja naye mimi. Huyu mchanga peke yake ndiye ndugu wa damu wa kila mtu humu ndani. Basi wageni wakawa wanampita Aika mlangoni kama wanapita stuli, wanamkimbilia mtoto. Mmoja akasema, "Sasa nyumba imepata mtoto!" Nikamwona Aika anatoka nje. Ipyana naye, na miaka yake saba, akarudia kukojoa kitandani. Nikimkanya Aika, anamkimbilia baba yake. Baba akimkanya Ipyana, anakimbilia kwangu, na mimi, nakiri, nilikuwa namtetea.

Kisha wifi yangu akaleta la jina. Huku binti wa kwanza hupewa jina la mama wa baba, wa pili la mama wa mama. Wifi akasema, "Kwa mama huyu, huyu ndiye wa kwanza. Aitwe Aikaruwa, kama bibi yake." Yaani jina lile lile la Aika, ambalo sisi hulifupisha tu! Mama mkwe akatabasamu. Mimi mgeni, tena mke wa pili, ningeanzia wapi kukataa jina la mama mkwe?

Kesho yake nikaokota madaftari ya Aika nimpangie kwenye mfuko. Mama, kwenye kila daftari jina lake limekatwa kwa kalamu, limebaki la baba yake tu. Nikamuuliza. Akasema, "Nimempa mtoto. Mimi nitatafuta lingine." Alisema taratibu tu, kama mtu anayegawa kiatu kisichomtosha. Moyo uliniuma, Mama!

Jumapili baada ya ibada nikasema leo tunakaa wote, watoto wamo. Tukaweka sheria. Neno "wa kambo" marufuku, na "mwanao" na "mwanangu" vile vile. Mzazi yeyote anamkanya mtoto yeyote, na mwenzake kama hakupendezwa, watasemezana chumbani. Mgeni akija anaanza na wakubwa, na Aika ndiye anampeleka kumwona mchanga. Wakirudi shule na mchanga amelala, muda ule ni wa Aika na mimi. Jumamosi Ipyana anakwenda na baba dukani. Nepi ni kwa zamu, mvulana pia. Mume wangu akacheka, nikampangia zamu na yeye. Aika akaleta yake: "Mtu akiwa anaongea, asikatizwe eti kwa sababu mtoto amepiga chafya." Tulicheka, lakini tukaipitisha.

Ndipo nikajikaza. "Mama," nikamwambia mama mkwe, "jina lako nalipenda, lakini lina mwenyewe. Binti wa kwanza wa nyumba hii ni Aika. Tukimpa huyu, tumesema Aika si wangu."

Wifi akaguna. Mama mkwe akamvuta Aika karibu, akamtazama weee. "Kweli," akasema. "Somo yangu ndiye huyu. Basi mdogo ni wa pili." Akanigeukia. "Mama yako anaitwa nani?"

Mama, hilo sikulitegemea! Mimi nilikuwa nampigania Aika tu. Nililia mpaka na mtoto akalia. Somo yako yuko hapa mapajani kwangu, anaitwa Tusekile! Ulimi wa mama mkwe unahangaika nalo, lakini hakati tamaa.

Nisalimie baba mdogo, shangazi wa ng'ambo ya mto, na yule jirani aliyenifunga kanga siku ya kuondoka. Naacha hapa, somo yako anadai ziwa na Aika anadai kalamu.

Mwanao akupendaye,
Neema

Shikamoo Bibi. Mimi ni Aikaruwa. Madaftari yangu nimeyavika karatasi mpya, nimeandika jina upya. Tusekile ni mdogo wangu, ni mimi nimemfundisha Ipyana kukunja nepi zake. Njoo utuone. Ukifika mlangoni, anza na mimi. Ni sheria.