Nani Atamchagua Mama Mkuu

Nyumba ya Mtakatifu Skolastika, Kadundo
Machi 4, 1996

Kwako kaka Rufus,

Salamu nyingi. Sisi tu wazima wa mwili, roho ndizo zinaumwa. Huko Maskati joto limeshaanza kuwachoma?

Kaka, tangu tumzike Mama Mkuu hatulali. Askofu anataka kutuletea mama mkuu wa kwake kutoka mjini. Ile familia iliyotoa shamba nayo imeapa kwamba lazima awe binti yao, la sivyo wanafunga maji ya kisima. Mtoto mwenyewe ana mwaka mmoja tu tangu aweke nadhiri! Sisi tunataka kumchagua Sista Velma, tunayemjua na anayetujua. Nani anatusikiliza?

Wewe unafundisha historia. Watawa wa zamani walijinasuaje? Usinijibu kwa mzaha wako. Nyumba hii ndiyo kwangu, sina kwingine.

Dada yako,
Atieno

Al Hail, Maskati
Aprili 2, 1996

Dada yangu mpenzi,

Shikamoo Sista! Haya, mzaha umeisha. Mimi mzima, ila joto hili ni la kuiva mtu.

Shida yenu ni ya zamani sana. Miaka elfu iliyopita, kule Ufaransa, bwana mwenye ardhi aliihesabu monasteri kama shamba lake. Alimweka ndugu yake awe abati, yaani mkuu wa watawa, hata kama ni askari mwenye mke na mbwa wa kuwindia. Ndipo mwaka 910 Mtawala Wiliamu wa Akwitania akatoa ardhi ya Kluni kwa Mitume Petro na Paulo, yaani chini ya ulinzi wa Papa, akaandika kwamba hajibakizii kitu: watawa wachague abati wao wenyewe, na mali yao isiguswe na bwana yeyote wala askofu.

Maaskofu walikubali? Wapi! Mwaka 1025 askofu wa Makoni alilalamika kwamba watawa wa Kluni wamepewa upadri na askofu mwingine ndani ya jimbo lake. Abati Odilo akatoa barua ya Papa iliyowaruhusu. Maaskofu waliokutana wakasema sheria za mtaguso wa kale, ule mkutano mkuu wa maaskofu, zinazowaweka watawa chini ya askofu, zina nguvu kuliko barua hiyo. Odilo akashindwa siku ile, lakini Roma haikumwacha. Askofu alikuwa jirani, Papa yuko mbali, na umbali ule ndio uliokuwa ngao yao.

Tafuteni na nyinyi mlinzi wa mbali. Jipeni moyo.

Kaka yako,
Rufus

Al Hail, Maskati
Mei 30, 1996

Atieno dada yangu,

U mzima kweli? Mbona kimya? Kila Ijumaa, siku ya mapumziko huku, nikitoka misa kule Ruwi napitia sanduku la posta, sikuti kitu.

Sikia. Nilimsimulia Bi Mahfoudha, mama wa Kizanzibari anayetunza maktaba ya shule yetu, habari za Kluni. Akanambia, "Hiyo si waqfu hiyo? Mtu akishatoa, katoa, hana kurudi. Lakini mimi nnakuuliza, wakili wake, msimamizi, nani? Waqfu haina bwana, lakini wakili inaye."

Swali lile lilinikata maini, maana nilikuandikia nusu. Kluni iliziokoa nyumba nyingine mikononi mwa mabwana wao, ndiyo, lakini nyingi zilipoteza abati. Zilipewa kiongozi aliyeteuliwa na abati wa Kluni, na kila mtawa aliweka nadhiri kwake yeye. Watawa wa Sito, waliokuja baadaye, walifanya vingine: kila nyumba ikachagua abati wake, nyumba mama ikawa inakuja kukagua mara moja kwa mwaka, maabati wote wakakutana kila mwaka. Na askofu hawakumkimbia.

Tafadhali, msisaini chochote kabla hamjauliza: nani atamchagua mama mkuu?

Kaka yako,
Rufus

Kadundo
Agosti 9, 1996

Kaka Rufus,

Natumaini u mzima. Mimi usiniulize.

Barua yako ya kwanza niliwasomea masista mezani, wakapiga vigelegele. Tukawaandikia masista wa shirika moja la Ulaya lenye kanuni kama yetu, wakakubali kutuchukua, Roma ikaridhia upesi. Tulisaini karatasi ya kujiweka chini yao siku ya Pentekoste. Ya pili ilifika wino umeshakauka.

Tulishinda, kaka! Askofu hana neno tena kwetu, na ile familia imefungua maji iliyokuwa imeyafunga. Kisha mkuu wao wa Ulaya, ambaye hatujamwona hata sura, akaandika: tu wachache mno, nyumba ifungwe. Sista Velma anapelekwa kwa wazee wasiojiweza, wengine kila mmoja njia yake. Nililia kama mtoto, kaka, mbele za watu.

Jana tulikwenda kwa askofu, sote, tukapiga magoti kwenye zulia lake. Tukamwomba azuie. Akaisoma ile karatasi, akavua miwani, akasema, "Masista, mlininyang'anya mamlaka wenyewe. Sasa nizuie kwa lipi?"

Lori linakuja Jumatatu. Usiandike hapa tena. Niendako bado sijaambiwa.

Dada yako,
Atieno