Sababu ya Kuacha Timu

Mjukuu wangu Neema,

Huku Nyasura hatujambo, bibi yako anakusalimu. Umeuliza uandikeje barua ya kuacha kufundisha timu ili umuuguze mkwe wako.

Nilipoacha timu ya vijana pale Mwisenge, nilimwandikia katibu wa klabu kwamba naondoka mwisho wa mwezi, msaidizi wangu ataendesha mazoezi, mipira na jezi nimekabidhi, na nawashukuru wachezaji na wazazi. Sababu nikaandika "zilizo nje ya uwezo wangu."

Katibu akairudisha. "Mwalimu, wazazi watafikiri tumegombana. Watatoa watoto."

Niliona haya, ila nikaandika: narudi Butiama kumwogesha mama yangu.

Katibu aliisoma mazoezini, wazazi wakiwepo. Kisha kapteni, mtoto wa mvuvi, akauliza, "Mwalimu, mama anakulaga samaki?"

Babu yako